Wazabuni wawili, mfuko mmoja: jinsi ya kupekua leja ya wadai

Mifumo mingi ya uhasibu hukataa kuingiza ankara moja mara mbili. Ukirudia namba ya ankara kwa mzabuni yuleyule, unaambiwa imeshatumika. Kinga hiyo ni nzuri, ila ina tundu: mfumo unatazama namba ya mzabuni iliyosajiliwa ndani yake, hautazami fedha zinaishia mfukoni mwa nani. Mtu akimfungulia mzabuni huyo namba ya pili, ankara ileile inaingia tena na hakuna kinacholia.

Kwa sababu hiyo, ukipekua leja ya wadai, yaani kumbukumbu za wazabuni mnaodaiwa na mnavyowalipa, usianze kwa kutafuta ankara zilizolipwa mara mbili, ingawa ndiko wengi wanakoanzia. Anza na orodha ya wazabuni. Ukishajua nani ni nani, ndipo uende kwenye ankara zilizokatwa vipande na viasi vyenye sifuri nyingi. Ukigeuza mpangilio huu, ankara zilizogawanywa kati ya majina mawili zitakupita mbele ya macho.

Nitatumia mfano wa kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni kampuni ya malori Tanzania Bara. Kwa kanuni zake, mkuu wa idara anaidhinisha manunuzi yasiyozidi shilingi 5,000,000. Zaidi ya hapo zinahitajika nukuu za bei kutoka kwa wazabuni watatu, pamoja na saini ya meneja mkuu. Kumbuka kiwango hicho cha milioni 5, maana kila kitu kitakizunguka.

Hatua ya 1: Chukua data ghafi, tena si kwa mhasibu wa malipo

Unahitaji majedwali matatu: orodha ya wazabuni, ankara zote za miezi 12 pamoja na malipo yake, na orodha ya wafanyakazi yenye akaunti zao za benki na simu. Ombeni yatolewe moja kwa moja kwenye mfumo na mtu wa TEHAMA. Faili aliloliandaa mtu unayemkagua linaweza kuwa limeshapunguzwa mistari.

Kwenye orodha ya wazabuni, sisitiza upewe tarehe ambayo kila mzabuni alifunguliwa na jina la aliyemfungua. Kwenye ankara, sisitiza upewe jina la aliyeingiza na la aliyeidhinisha. Watu husahau safu hizi, kisha hujikuta wana shaka kubwa lakini hawana pa kuielekeza.

Kabla ya kugusa chochote, jumlisha ankara zote na malipo yote, ulinganishe na akaunti ya wadai kwenye leja kuu kwa kipindi hichohicho. Jumla zikipishana, simama hapo hadi ujue sababu. Halafu hifadhi nakala moja isiyoguswa, na kazi yote ifanyike kwenye nakala nyingine.

Kuna mtego wakati wa kufungua faili kwenye Excel. Namba ya akaunti inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, na namba ndefu kupita tarakimu 15 hubadilishwa tarakimu za mwisho kuwa sifuri. Ingiza safu za akaunti, TIN na simu kama maandishi tangu mwanzo. Ukishahifadhi faili lililoharibika, tarakimu hizo hazirudi.

Hatua ya 2: Watafute wazabuni wanaofanana

Jina ndilo kitambulisho dhaifu kuliko vyote. Nukta moja, "na" badala ya "&", au "Co" iliyoongezwa mwishoni inatosha kulifanya jina moja kuwa mawili. Kwa hiyo safisha majina, lakini tegemea zaidi TIN, akaunti ya benki na simu.

Tuseme kwenye jedwali la wazabuni jina liko safu B, TIN safu C, akaunti safu D na simu safu E. Kwenye safu nne mpya, kuanzia H hadi K, weka fomula hizi kwa mpangilio huu:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(TRIM(B2)),".","")," ","")
="T"&SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2,"-","")," ","")
="A"&SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(D2,"-","")," ","")
=RIGHT(SUBSTITUTE(E2," ",""),9)
```

Ya kwanza inaondoa nafasi na nukta kwenye jina. Ya pili na ya tatu zinaondoa vistari na nafasi, kisha zinaweka herufi mbele. Herufi hiyo haiko pale kwa urembo. Bila hiyo COUNTIF, fomula ya kuhesabu marudio iliyo hapa chini, huichukulia namba iliyoandikwa kama maandishi kuwa namba ya kawaida, na akaunti mbili ndefu zinazotofautiana tarakimu ya mwisho tu huonekana kuwa moja. Ya nne inachukua tarakimu 9 za mwisho za simu, ili 0754 na +255754 zikutane.

Sasa hesabu marudio. Mfano kwa TIN iliyosafishwa, ikiwa safu I:

```
=COUNTIF(I:I,I2)
```

Kila penye 2 au zaidi ni pa kutazama. Rudia kwa jina, akaunti na simu. Kisha safisha akaunti na simu za wafanyakazi kwa fomula zilezile, uzilinganishe na za wazabuni. Wazabuni wasio na TIN wala simu watajikusanya pamoja kwa sababu nafasi zao ni tupu. Hao waweke kando kwenye orodha yao, maana mzabuni asiye na TIN anayelipwa kila mwezi ni swali tosha.

Usikimbie kuhukumu. Kampuni yenye matawi mawili huwa na TIN moja na namba mbili kwenye mfumo wako. Mtu mmoja anaweza kumiliki biashara mbili halali zinazotumia simu moja. Na mara nyingi sana marudio ni uvivu wa kawaida: karani alitafuta jina, hakulipata kwa sababu lilikosewa herufi, akafungua jipya. La kuangalia ni *jinsi* wanavyofanana. TIN moja na akaunti moja kwa kawaida ni uzembe. TIN moja na akaunti mbili za benki ni jambo jingine, kwa sababu sasa kuna fedha zinazokwenda mahali tofauti kwa jina la mtu mmoja. TIN mbili na akaunti moja ni mfano wa mtu aliyejigawa ili aonekane wengi, na anapenda sana kujitokeza pale zinapotakiwa nukuu tatu za bei.

Katika mfano wetu, wamebaki wawili baada ya matawi na makosa ya uandishi kuondolewa. Mzabuni 0218 ni muuza vipuri wa siku nyingi. Mzabuni 0467 ana jina lilelile likiwa na "& Co" mwishoni na TIN ileile, lakini benki ni nyingine na simu ni nyingine. Alifunguliwa Machi 2025 na ofisa manunuzi, ambaye kwa kawaida hakupaswa kuwa na ruhusa ya kufungua mzabuni. Simu ya 0467, ikilinganishwa kwa tarakimu zake 9 za mwisho, ndiyo iliyoandikwa kwenye faili la ofisa huyohuyo kama simu ya ndugu wa kupigiwa wakati wa dharura. Sehemu hiyo ya faili la mfanyakazi haiombwi mara kwa mara, na inafaa kuombwa.

Kabla ya kuendelea, wape wazabuni wanaofanana alama moja ya kundi. Kwenye jedwali la ankara ongeza safu ya kundi, na ankara zote za 0218 na 0467 ziandikiwe K01. Kuanzia hapa majaribio yote yanafanywa kwa kundi.

Hatua ya 3: Ankara iliyoingia kwa mlango wa pili

Panga ankara za kila kundi kwa kiasi, kisha kwa namba ya ankara. Tafuta kiasi kimoja kilichojirudia huku namba za ankara zikifanana, hata kama zimeongezewa herufi, kistari au sifuri mbele. Mtu anayerudia ankara mara nyingi hubadilisha alama moja tu, kwa sababu karatasi aliyonayo ni ileile na hataki ipishane sana na kilichoingizwa.

Kwenye K01 tunakuta ankara 1187 ya shilingi 3,894,000 ya tarehe 5 Mei, iliyolipwa kwa 0218 tarehe 12 Mei. Tunakuta pia 1187-A, kiasi kilekile na tarehe ileile ya ankara, iliyolipwa kwa 0467 tarehe 26 Mei. Hili pekee linaweza kuwa kosa, na ofisa huyo bila shaka atasema ni kosa. Liandike, usonge mbele.

Hatua ya 4: Ankara zilizokatwa vipande

Kukata ankara ni kuigawa kazi moja kuwa kadhaa ili kila kipande kipite chini ya kiwango cha idhini. Katika manunuzi ya umma si utundu wa ndani tu. Kifungu cha 54 cha sheria ya Kenya ya manunuzi ya umma ya mwaka 2015 kinakataza kugawa manunuzi kwa lengo la kukwepa utaratibu unaotakiwa. Kwenye kampuni binafsi, uzito wake unategemea kanuni zenu za fedha, hivyo zisome kwanza.

Tuseme kwenye jedwali la ankara tarehe ya ankara iko safu C, kiasi safu E na kundi safu H. Fomula hii inajumlisha ankara zote za kundi hilo ndani ya siku 7 zilizotangulia, pamoja na ya siku yenyewe:

```
=SUMIFS(E:E,H:H,H2,C:C,">="&C2-7,C:C,"<="&C2)
```

Chuja mistari ambayo ankara yenyewe haizidi 5,000,000 lakini jumla ya siku 7 inazidi. Ukiona mistari michache mno, jaribu siku 14 au 30. Wanaokata vipande kwa subira wapo.

Kichujio hiki kitakuletea kelele nyingi. Kituo cha mafuta kinachotoa ankara kila siku chache kitajaa hapo, na karakana ya matairi vilevile. Waondoe wenye mkataba wa mwaka ulioidhinishwa na ngazi ya juu, kwa kuwa idhini yao ilishatolewa mara moja kwa yote. Waliobaki, fungua hati za ununuzi na usome maelezo ya kazi. "Ukarabati wa sakafu awamu ya kwanza", "ukarabati wa sakafu awamu ya pili" na "umaliziaji wa sakafu" ndani ya wiki moja ni sakafu moja.

Hivi ndivyo K01 inavyosomeka mwezi Juni. Tarehe 9, ankara 041 ya 4,900,000. Tarehe 10, ankara 042 ya 4,850,000. Tarehe 12, ankara 043 ya 4,950,000. Zote zimeelekezwa kwa 0467, na jumla ni 14,700,000. Zote ziliombwa na mtu mmoja na kuidhinishwa na mkuu wa idara peke yake, na hakuna nukuu hata moja ya bei kwenye faili.

Tazama pia namba za ankara zenyewe. Muuza vipuri mwenye wateja wengi, aliyekuwa kwenye 1187 mwezi Mei, hawezi kuwa kwenye 041 mwezi Juni. Na ankara tatu zinazofuatana bila kuruka hata namba moja zinaashiria mfanyabiashara ambaye mteja wake ni wewe tu.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha jinsi kiwango cha idhini kinavyowavuta watu. Mwaka 1992, meneja mmoja katika ofisi ya mweka hazina wa jimbo la Arizona, Marekani, aliandika hundi 23 kwa mzabuni hewa. Zilikaribia dola milioni 1.9 kwa jumla. Alianza na kiasi kidogo, akapanda haraka, kisha nyingi zikajibana chini kidogo ya dola 100,000. Hakutumia namba za sifuri nyingi hata mara moja. Kila hundi ilikuwa na senti zake, na hakuna kiasi kilichojirudia. Alipokamatwa alidai alikuwa anaonyesha udhaifu wa mfumo mpya wa kompyuta. Mahakama ikamtia hatiani.

Funzo la kiufundi hapo ni kwamba mjanja anaweza kuzikwepa sifuri, lakini kiwango cha idhini hawezi kukikwepa, kwa sababu ndicho anachokikimbia. Kwa hiyo, kwa kila idara, hesabu ankara zilizo kati ya 4,500,000 na 5,000,000, na zilizo kati ya 5,000,000 na 5,500,000. Biashara haijui kanuni zenu, hivyo idadi hizo mbili hazipaswi kupishana kupita kiasi. Ukiona upande wa chini umejaa na wa juu ni mtupu, soma ankara za upande wa chini moja moja.

Hatua ya 5: Sifuri nyingi, zikisomwa pamoja na VAT

Miongozo mingi iliyoandikwa kwa nchi za dola inasema kiasi chenye sifuri nyingi ni dalili mbaya. Kwa shilingi, ukifuata hivyo utashtuka kila mstari. Bei zetu huishia na sifuri tatu bila hila yoyote, na kodi ya pango au ada ya mwezi ya wakili inaweza kuwa milioni 2 kamili mwaka mzima.

Jaribio lenye makali zaidi ni VAT. Mfanyabiashara aliyesajiliwa hupanga bei yake kabla ya kodi, kisha anaongeza. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, Kenya ni 16. Bei ya milioni 4 inakuwa ankara ya 4,720,000. Kwa hiyo ankara halali yenye VAT mara nyingi *haina* sifuri nyingi, ila inazipata ukiigawa kwa 1.18. Anayebuni ankara hufanya kinyume. Anaanza na kiasi anachotaka kukichukua, halafu kodi anaitafuta kwa kurudi nyuma, na bei kabla ya kodi inatoka na senti za ajabu.

```
=MOD(E2,50000)=0
=ROUND(E2/1.18,2)
```

Weka alama pale ambapo mzabuni amesajiliwa kwa VAT, fomula ya kwanza inasema TRUE, na ya pili inaishia na senti. Ankara 1187 ya 3,894,000 inagawanyika na kuwa 3,300,000 kamili. Nzuri. Ankara 041 ya 4,900,000 inatoa 4,152,542.37. Nani anauza vipuri kwa bei hiyo? Ya 042 na 043 ni hivyohivyo.

Fanya jaribio hili kwenye kiasi cha ankara, usilifanye kwenye kiasi kilicholipwa benki. Malipo ya huduma hukatwa kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 5 ya bei kabla ya VAT kwa mtoa huduma mkazi, na makato hayo yanavuruga tarakimu zote.

Jaribio lina mipaka. Muuzaji mdogo asiyesajiliwa kwa VAT halimhusu. Na mtu akimwomba muuzaji "nifanyie milioni moja kamili, kodi ndani", ankara halali itaonekana mbaya.

Hatua ya 6: Toka kwenye kompyuta

Dalili moja haithibitishi kitu. Hesabu kila kundi limeguswa na majaribio mangapi, uanze na lililoguswa na mengi. K01 imeguswa na yote. Sasa tafuta kitu kimoja: je, mali ilifika?

Anza na hati ya kupokelea mizigo, kisha kitabu cha mlinzi getini. Hati ya kupokelea inaweza kusainiwa ofisini, lakini mlinzi huandika namba ya gari na saa bila kujua nani anataka nini. Angalia kama vipuri viliingia stoo na kama vilifungwa kwenye lori lolote. Kisha kagua risiti za EFD kwenye verify.tra.go.tz, kwa kutumia namba ya uhakiki iliyoko kwenye risiti. Usiridhike kwamba risiti ipo. Soma jina la muuzaji, jina la mnunuzi, tarehe na kiasi, maana risiti halali ya mauzo ya mtu mwingine inaweza kubandikwa kwenye ankara yenu.

Mwisho, mwombe 0218 taarifa ya akaunti yake na ninyi kwa miezi 12. Usitumie simu iliyo kwenye mfumo. Chukua ya kwenye mkataba wa zamani au nenda dukani kwake. Mweleze ni ulinganisho wa kawaida wa hesabu, ambao kweli ni wa kawaida. Taarifa yake ikionyesha 1187 mara moja tu, bila 041, 042 wala 043, na akisema akaunti ile ya benki haijui, basi una 3,894,000 na 14,700,000, jumla 18,594,000, zilizolipwa kwa jina lake bila yeye kupokea.

Kabla ya kuongea na yeyote

Usimwite ofisa manunuzi kumuuliza. Omba kumbukumbu za mfumo zihifadhiwe: nani alifungua 0467, kwa kompyuta gani, saa ngapi, na kama akaunti ya benki iliwahi kubadilishwa kisha kurudishwa. Hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu kuna wanaobadilisha akaunti ya mzabuni wa kweli kwa siku moja ya malipo tu, na orodha ya leo haitaonyesha chochote. Karatasi asili zihamishiwe kabati ambalo ufunguo wake hauko idara hiyo.

Katika ripoti andika ulichokiona tu: "Mzabuni 0467 alipokea malipo manne ya jumla ya shilingi 18,594,000. Hatukupata kumbukumbu ya mali kuingia getini wala stoo." Neno "wizi" waachie wenye mamlaka ya kulisema. Ripoti iende kwa kamati ya ukaguzi au kwa aliyekuagiza kwa maandishi, isipitie kwa mkuu wa idara aliyesaini, hata kama unaamini alidanganywa.

Majaribio haya hayaoni kila kitu. Mzabuni wa kweli, mwenye mali ya kweli, aliyepandisha bei ili amrudishie mtu asilimia 10, atapita yote akiwa safi. Huyo anatafutwa kwa kulinganisha bei na soko, na hiyo ni kazi nyingine. Kwa haya ya leja, kipande kinachofaa kurudiwa kila mwezi ni kifupi: wazabuni wote waliofunguliwa ndani ya siku 60 zilizopita na tayari wamelipwa, kikiwa na jina la aliyewafungua na la aliyewalipa kando kwa kando.